Kuandika tarehe, saa na kiasi cha fedha kwa watu walio nchi tofauti: tuandike upya ujumbe mmoja

Dada mmoja tunayefanya naye kazi ya tafsiri alinipigia simu akiwa amechanganyikiwa. Alikuwa na mkutano wa mtandaoni na wateja wawili, mmoja New York na mwingine Berlin. Yeye aliingia saa kumi na mbili jioni kwa saa za Nairobi, kama alivyopiga hesabu. Wa Berlin aliingia dakika ileile. Wa New York alikuwa ameshasubiri, akachoka, akaondoka. "Kaka, nimekosea wapi? Tofauti yetu na New York si saa nane?"

Nikamwomba anitumie ujumbe aliowaandikia. Kwa Kiswahili ulikuwa hivi:

```
Tukutane 12/03 saa 10 EST.
Kazi mtaipata Ijumaa inayofuata, saa sita usiku.
Gharama ni $1.250.
```

Mistari mitatu, na hakuna hata mmoja ambao watu watatu wangeusoma sawasawa. Tuliuandika upya kwa mpangilio huu ninaoutumia kila siku.

Hatua ya 1: Tarehe

Andika mwezi kwa herufi na mwaka kwa tarakimu nne: 12 Machi 2026. Mmarekani akiona 12/03 anasoma tarehe 3 Desemba, na kweli yule wa New York alikuwa amejibu akiuliza mbona mkutano unapangwa mapema hivyo.

Watu wengi huongeza jina la siku wakiamini kwamba linatosha kuondoa utata. Liongeze, maana humfanya msomaji ashtuke ukikosea tarakimu. Lakini usilitegemee peke yake: mwaka 2026, tarehe 12 Machi ni Alhamisi, na tarehe 3 Desemba nayo ni Alhamisi. Kinachokuokoa ni mwezi ulioandikwa kwa herufi.

Kwa majina ya mafaili na majedwali tumia 2026-03-12. Mwaka ukitangulia, kinachofuata husomwa kuwa mwezi, na mafaili yenyewe hujipanga kwa tarehe.

Hatua ya 2: Saa

Hapa sisi tunaozungumza Kiswahili tuna mtego wa ziada. "Saa 5:00 asubuhi" kwa Kiswahili ni 11:00, lakini anayeiona kwenye simu huku akili yake imezoea saa za skrini anaweza kusoma 05:00. Nina kanuni moja nisiyoilegeza: saa ya Kiswahili naiandika kwa maneno, na saa ya skrini naiandika kwa tarakimu nne zenye nukta mbili katikati. "Saa kumi na moja jioni" ni maneno. "17:00" ni tarakimu. Nikiandikia Waswahili wenzangu walio nchi mbalimbali naweka zote mbili, moja ikiithibitisha nyingine. Nikiandika kwa lugha nyingine nabaki na tarakimu nne tu. Ukifuata saa ya 24 huhitaji kabisa vifupisho vya kabla na baada ya adhuhuri.

Hatua ya 3: Saa hiyo ni ya wapi?

Hii ndiyo iliyomwangusha dada yetu, na mimi iliwahi kunimalizia alasiri nzima, kwa hiyo tuiendee taratibu.

Aliandika EST kwa sababu alikuwa ameona wateja wake wakiandika hivyo. EST ni saa ya kawaida ya mashariki ya Marekani, yaani UTC-5: saa tano nyuma ya UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima. Lakini Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, na mwaka 2026 hiyo ni tarehe 8. Kuanzia siku hiyo New York inatumia EDT, yaani UTC-4. Watu wa huko mara nyingi huendelea kuandika EST mwaka mzima, wakimaanisha tu "saa iliyoko ukutani kwetu".

Basi tuangalie kilichotokea tarehe 12. Wa New York alisoma saa 10, akatazama ukuta wake, akaingia 10:00. Hiyo ni 14:00 UTC, na Nairobi, ambako ni UTC+3 mwaka mzima, ni 17:00. Dada yetu alijumlisha saa nane alizozizoea akapata 18:00. Wa Berlin alijumlisha saa sita zake za kawaida akapata 16:00. Berlin wakati huo ni UTC+1, kwa hiyo 16:00 ya kwake ni 15:00 UTC, ambayo ndiyo 18:00 ya Nairobi. Ukifuata herufi za EST kama zilivyo, hao wawili walioitwa wachelewaji ndio walikuwa sahihi, na aliyewahi alikuwa amekosea.

Kwa nini hesabu ya Berlin nayo iliharibika, na Ulaya pia husogeza saa? Kwa sababu Ulaya husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi, mwaka 2026 tarehe 29. Kati ya tarehe 8 na 29 tofauti ya New York na Berlin ni saa tano badala ya sita. Mwisho wa mwaka pengo linarudi kwa wiki moja: Ulaya inarudisha saa nyuma tarehe 25 Oktoba, Marekani tarehe 1 Novemba. Ukiwa na mkutano unaogusa pande hizo mbili, weka alama kwenye vipindi hivyo viwili kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa hiyo acha vifupisho vya herufi tatu. Ubaya wake haupo kwa EST pekee: IST inaweza kuwa ya India, Ireland au Israeli, na CST inaweza kuwa ya Marekani ya kati au ya China. Andika jina la mji na tofauti yake na UTC kwa tarehe hiyohiyo:

```
New York 10:00 (UTC-4)
```

Mji unamsaidia mtu, na UTC inamsaidia anayetaka kupiga hesabu mwenyewe. Vikipingana, msomaji ataona na kuuliza, na ndivyo tunavyotaka.

Usikadirie tofauti hiyo kwa kichwa. Kwenye Linuksi mimi hutumia amri hii, inayosoma kumbukumbu ya kanda za saa ikiwa na tarehe za kusogeza saa:

```
TZ=Africa/Nairobi date -d 'TZ="America/New_York" 2026-03-12 10:00'
```

Inarudisha 17:00. Badilisha tarehe iwe 2026-03-05 na itarudisha 18:00. Hapo ndipo dada yetu alipoliona kosa kwa macho yake. Amri ya `date` iliyomo kwenye kompyuta za Mac haikubali `-d` kwa namna hii, kwa hiyo huko tumia kalenda: tengeneza tukio, chagua kanda ya New York, kisha soma saa inayoonekana kwako. Ukiulizwa uchague kanda, chagua yenye jina la mji. Ukikutana na `Etc/GMT-3`, iache, maana alama katika majina hayo zimegeuzwa: hiyo ni UTC+3.

Sasa ile alasiri yangu. Nilikuwa na mkutano wa kila Alhamisi, nikauweka kwenye kalenda kwa saa za kwangu. Machi ilipofika, kwangu haukusogea hata dakika, lakini kwa wenzangu wa Marekani ulihama kwa saa nzima ukagongana na kikao kingine chao. Nilikagua mipangilio ya kalenda mara tatu nikitafuta hitilafu, na hitilafu haikuwepo. Kalenda ilifanya nilichoiambia: ilishikilia saa ya mji wangu, ikawaacha wengine wayumbe.

Mkutano unaojirudia lazima uwe na mji mmoja wa kushikilia, na mji huo utajwe kwenye mwaliko. Miji mingine itahama. Mkutano wa wateja hawa ukishikiliwa na New York 10:00, Nairobi utakuwa 18:00 tarehe 5 Machi, kisha 17:00 kuanzia tarehe 12. Berlin utakuwa 16:00 tarehe 5, 15:00 tarehe 12, 19 na 26, halafu 16:00 tena tarehe 2 Aprili. Mimi napendelea kushikilia mji wa yule mwenye ratiba ngumu zaidi.

Wapo watakaokwambia uandike UTC tu na yaishe. Kwa jambo lililokwisha kutokea, kama muda wa malipo kuingia, nakubali kabisa. Kwa jambo la mbeleni sikubali. Watu wanakutana kwa saa ya mji, na serikali ikibadilisha saa ya mji huo kabla ya siku yenyewe, UTC uliyoandika itabaki palepale huku watu wakifuata saa mpya. Misri, kwa mfano, ilirejesha utaratibu wa kusogeza saa mwaka 2023.

Hatua ya 4: Mwisho wa kukabidhi

"Ijumaa saa sita usiku" ni usiku upi? Kuna atakayedhani ni mwanzo wa Ijumaa, yaani usiku wa kuamkia Ijumaa, na kuna atakayedhani ni mwisho wake. Wote wana hoja, na kati yao kuna saa 24. Andika 23:59 pamoja na tarehe na mji:

```
Ijumaa, 20 Machi 2026, 23:59 Berlin (UTC+1)
```

Kisha jiandikie mwenyewe inaangukia wapi kwako. Nairobi ni 01:59 ya Jumamosi tarehe 21. Pale saa inapovuka siku, tarehe irudiwe kwa kila mji, hata kama ujumbe utarefuka.

Hatua ya 5: Kiasi cha fedha

Katika `$1.250` kuna mambo mawili. Kwa Mjerumani nukta hutenganisha maelfu, hivyo anasoma elfu moja mia mbili na hamsini; kwa Mmarekani nukta ni ya desimali, hivyo anasoma dola moja na senti ishirini na tano. Ukibadilisha nukta kuwa mkato, wanabadilishana kosa. Dawa ni kuacha kutenganisha maelfu na kumalizia kwa tarakimu mbili za senti: 1250.00. Utata unazaliwa pale tarakimu tatu zinapofuata alama. Zikiwa mbili, kila mmoja anaelewa kuwa ni senti, iwe nukta au mkato.

Alama ya dola nayo ni ya nchi nyingi, zikiwemo Kanada na Australia, kama vile "Sh" inavyoweza kuwa ya Kenya, Tanzania au Uganda. Tumia msimbo wa herufi tatu: USD, KES, TZS, UGX. Herufi tatu nilizozikataa kwenye saa nazikubali hapa kwa sababu kila msimbo wa ISO 4217 una sarafu moja tu. Kiasi kikiwa kikubwa, kirudie kwa maneno, ila uwe mwangalifu na "bilioni": kwa Kijerumani neno linalofanana nalo ni mara elfu ya bilioni yetu. Hapo andika sifuri zote.

Ujumbe ulivyotoka

```
Mkutano: Alhamisi, 12 Machi 2026
  New York  10:00 (UTC-4)  <- saa ya kufuata
  Berlin    15:00 (UTC+1)
  Nairobi   17:00 (UTC+3)

Kukabidhi kazi: Ijumaa, 20 Machi 2026, 23:59 Berlin (UTC+1)
  New York  Ijumaa 20 Machi, 18:59
  Nairobi   Jumamosi 21 Machi, 01:59

Gharama: USD 1250.00 (elfu moja mia mbili na hamsini)
```

Maneno "saa ya kufuata" yaache palepale. Ukikosea hesabu ya mji mmoja, na siku moja utakosea, kila mtu atajua ni mstari upi wenye neno la mwisho.