Hedifoni za Bluetooth: kujua kodeki inayotumika, kupima sauti inavyochelewa, na cha kurekebisha

Kazi yangu ni kuhariri video, na malalamiko ninayoletewa kuhusu hedifoni zisizo na waya ni mawili tu. La kwanza: hedifoni inapiga muziki vizuri, lakini kikao cha Zoom kikianza sauti inakuwa ya puani kama ya simu ya mezani. La pili: midomo kwenye video haiendani na maneno. Watu huambiwa wabadilishe kodeki. Mara nyingine hilo ndilo jibu, ila mara nyingi zaidi tatizo liko kwingine, kwa hiyo tuanze na vipimo kabla ya kugusa chochote.

Jambo moja la kuelewa mapema. Muziki wa ubora wa CD una sampuli 44,100 kila sekunde, kila sampuli ina biti 16, na chaneli ni mbili. Ukizidisha unapata takriban kilobiti 1,411 kwa sekunde. Bluetooth ya kawaida haiwezi kubeba mzigo huo kwa uhakika hewani, kwa sababu sehemu ya kasi yake huliwa na mazungumzo ya redio zenyewe na kurudia vifurushi vilivyopotea. Kwa hiyo simu huibana sauti kabla ya kuituma, na hedifoni huifungua. Kodeki ni kanuni ya kubana na kufungua huko, na lazima pande zote mbili ziwe nayo. Zisipokuwa na nyingine ya pamoja, zinarudi kwenye SBC, ambayo kila hedifoni ya muziki inalazimika kuwa nayo.

Hatua ya 1: Hakikisha uko kwenye njia ya muziki, si njia ya simu

Anzia hapa, kwa sababu hapa ndipo ubora huporomoka vibaya kuliko popote. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili tofauti za sauti. Njia ya muziki, A2DP, inakwenda upande mmoja tu: kutoka simu kwenda hedifoni, kwa stereo. Njia ya simu, HFP, inakwenda pande zote mbili ili maiki ya hedifoni nayo ifanye kazi, na gharama yake ni ubora. Sauti inakuwa ya chaneli moja. Kodeki yake ya zamani, CVSD, huchukua sampuli 8,000 kwa sekunde, na maana yake ni kwamba chochote kilicho juu ya hezi 4,000 kinakatwa. Ile mpya zaidi, mSBC, huchukua 16,000 na kukata juu ya hezi 8,000. Maneno yanasikika, lakini kayamba, matoazi na ile "s" kali ya mwimbaji hupungua sana au hupotea kabisa.

Programu yoyote inayofungua maiki ya hedifoni inakuhamishia kwenye njia hiyo, hata kama wewe unasikiliza tu. Hedifoni ya bei ghali yenye kodeki ya LDAC haikusaidii hapo, kwa sababu LDAC ni ya njia ya muziki.

Jinsi ya kutambua: cheza wimbo unaoujua vizuri, kisha ujiunge na kikao cha majaribio. Kama wimbo unabanwa ghafla wakati huo huo maiki inapofunguka, umepata chanzo. Kwenye Windows 10 utaona hedifoni moja imeorodheshwa mara mbili, moja ikiwa na neno `Stereo` na nyingine `Hands-Free AG Audio`. Kwenye Linux, andika hivi:

```
pactl list cards | grep -i "active profile"
```

Ukisoma `a2dp-sink` uko kwenye muziki. Ukisoma `headset-head-unit` uko kwenye simu.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama: iachie hedifoni kazi ya kusikiliza tu, na maiki uchague ya kompyuta yenyewe au ya waya. Kwenye Mac, fungua `System Settings`, kisha `Sound`, kisha `Input`, uchague maiki ya kompyuta. Kwenye Zoom chagua hivyo hivyo ndani ya `Settings`, `Audio`. Wenzako kikaoni nao mara nyingi watakusikia vizuri zaidi, maana maiki ya hedifoni nayo ilikuwa inabanwa kwa njia hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Soma kodeki inayotumika kweli

Kilichoandikwa kwenye boksi ni uwezo tu. Kinachotumika sasa hivi ni kile ambacho simu na hedifoni zimekubaliana. Kwenye Android, ingia `Settings`, `About phone`, ugonge `Build number` mara 7. Kisha, hedifoni ikiwa imeunganishwa, fungua `Developer options` na utafute `Bluetooth Audio Codec`. Ukikuta SBC wakati hedifoni yako ina AAC au LDAC, rudi kwenye orodha ya vifaa vya Bluetooth, fungua taarifa za hedifoni hiyo, na uone kama kitufe cha `HD audio` kimezimwa. Mahali pa kitufe hicho hutofautiana kidogo kati ya simu na simu.

Kwenye iPhone hakuna menyu ya namna hii. Inatumia AAC hedifoni ikiwa nayo, la sivyo SBC. Mwenye iPhone anayelipia hedifoni kwa ajili ya LDAC analipia kitu ambacho simu yake haitakitumia.

Sasa kodeki zenyewe zinatofautianaje? SBC kwa kiwango chake cha juu kinachopendekezwa hutumia kama kilobiti 328 kwa sekunde. Hugawa sauti kwenye mikanda 8 ya masafa na kugawia kila mkanda biti zake, na biti zikipungua, masafa ya juu ndiyo unayosikia yakichakaa kwanza. AAC hutumia biti chache zaidi, lakini inajua zaidi sikio linasikia nini, kwa hiyo inaweza kuizidi SBC. Tatizo ni kwamba ubora wake unategemea jinsi simu inavyoibana, na simu za Android hazilingani katika hilo. aptX iko kwenye kilobiti 352. LDAC ya Sony ina ngazi tatu, 330, 660 na 990, na tangu Android 8.0 imekuwa sehemu ya mfumo wenyewe.

Ushauri wangu kuhusu LDAC: usiilazimishe ibaki 990. Iache ijirekebishe yenyewe. Mwili wa binadamu hunyonya mawimbi ya gigahezi 2.4 ambayo Bluetooth hutumia, kwa hiyo simu ikiwa mfuko wa nyuma na ukiwa mahali penye Wi-Fi nyingi, 990 itakatikakatika. Muziki wa 660 usiokatika ni bora kuliko wa 990 unaokwama kila unapogeuza shingo. Na kama wimbo wenyewe ni MP3 ya kilobiti 128, hakuna kodeki itakayorudisha kilichokwisha tupwa.

Hatua ya 3: Pima kuchelewa

Usiamini video kwa kipimo hiki. Hedifoni nyingi huiambia simu zinachelewa kiasi gani, na programu ya video huichelewesha picha ili zilingane. Ndiyo maana filamu inaweza kwenda sawa wakati gemu kwenye simu ile ile inachelewa: gemu haiwezi kuchelewesha kidole chako.

Tumia programu yoyote ya ngoma au kinanda kwenye simu unayoipima. Chukua simu ya pili, washa kinasa sauti, na uweke spika moja ya hedifoni kabisa kwenye maiki yake. Kama hedifoni ina kihisi kinachozima sauti ukiitoa sikioni, kifunike kwa kidole au kipande cha selotepu. Weka sauti juu. Sasa gonga kioo kwa ukucha, si kwa nyama ya kidole, ili mgongano wenyewe usikike. Rekodi hiyo itakuwa na miruko miwili: ukucha kwenye kioo, kisha mlio wa ngoma kutoka hedifoni. Ifungue kwenye programu ya kuhariri sauti kama Audacity, kuza wimbi, na upime umbali kati ya mwanzo wa mruko wa kwanza na mwanzo wa wa pili.

Kisha rudia bila hedifoni, ukitumia spika ya simu. Hii ni lazima, maana kioo na programu navyo vina uchelewaji wao. Tuseme spika ya simu imetoa milisekunde 70 na hedifoni 290. Sehemu ya Bluetooth ni 290 toa 70, yaani 220. Kwenye video ya fremu 25 kwa sekunde kila fremu ni milisekunde 40, kwa hiyo umechelewa fremu tano na nusu. Mapendekezo ya shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, kuhusu matangazo yanaweka mpaka wa mtu kuanza kugundua kwenye takriban milisekunde 125 sauti ikichelewa, na 45 ikitangulia. Kwa hiyo 220 itaonekana wazi popote ambapo picha haijacheleweshwa kuilingana.

Hatua ya 4: Jua muda umepotelea wapi

Hapa kodeki husingiziwa sana. Fremu moja ya SBC, yaani kipande cha sauti kinachobanwa kwa pamoja, ina sampuli 128, yaani chini ya milisekunde 3. Ya AAC ina 1,024, yaani kama 23. Hata ukijumlisha kubana na kufungua, hujafika 220. Sehemu kubwa iko kwenye bafa: akiba ya sauti ambayo hedifoni inaiweka kabla ya kuanza kuicheza, ili kifurushi kikipotea hewani kuwe na muda wa kukituma tena bila wewe kusikia pengo.

Kwa hiyo kubadilisha kutoka AAC kwenda SBC kunaweza kubadilisha kipimo kidogo tu. Kitakachobadilisha sana ni ile hali ya gemu iliyo kwenye hedifoni nyingi, kwa sababu inapunguza bafa. Iwashe, upime tena kwa ukucha, kisha utembee na simu ikiwa mfukoni. Ikianza kukatika, hiyo ndiyo bei ya bafa ndogo, na si ubovu wa hedifoni. aptX Low Latency ilishusha jumla hadi karibu milisekunde 40, lakini pande zote lazima ziwe nayo, na simu zilizo nayo ni chache.

Kinachobadilisha mambo kwa undani zaidi ni LE Audio, iliyojengwa juu ya Bluetooth 5.2 na kodeki ya LC3. Fremu zake ni za milisekunde 10 au 7.5, na maiki na muziki vinaweza kwenda pamoja bila kuporomoka kama tulivyoona kwenye hatua ya 1. Lakini namba 5.2 au 5.3 kwenye boksi haitoshi. Tafuta maneno `LE Audio` kwenye mipangilio ya simu na kwenye maelezo ya hedifoni pia.

Kwa upande wa kuhariri, mimi nasikiliza hedifoni ya Bluetooth ninapopitia kazi iliyokwisha kutolewa, kwa sababu wateja wengi wataisikia hivyo hivyo. Kukata maneno, kulinganisha sauti na midomo na kurekodi ala juu ya wimbo nafanya kwa waya. Kama huna waya na ni lazima ukate, lenga mikato kwa kuangalia umbo la wimbi kwenye skrini. Usisogeze sauti kwa kufuata sikio, maana utakuwa unairekebisha kazi kwa kosa la hedifoni, na mteja akiifungua kwenye spika ya televisheni sauti itakuwa imetangulia midomo kwa zile fremu tano ulizoziondoa.