Kupiga hesabu ya rangi ya ukuta kwa nyumba za Lamu: toa milango na madirisha, lakini usisahau unene wa ukuta

Watu wengi hununua rangi kwa kukadiria kwa macho, alafu inaisha ukuta mmoja ukiwa umebaki. Kwa nyumba za mawe za huku Lamu kukosea ni rahisi zaidi manake vyumba ni vyembamba na virefu, upana umefuata urefu wa boriti, na kuta ni nene. Naeleza kwa chumba kimoja cha mtaa wa Mkomani, rangi ya maji, kuta peke yake, dari la boriti silihesabu.

Hatua ya kwanza ni vipimo. Shika tepu pima urefu na upana wa chumba sakafuni, alafu kimo toka sakafu hadi chini ya boriti. Kimo pima pembe mbili tofauti kwa sababu sakafu za nyumba kongwe haziko sawa, chukua kile kikubwa. Chumba chetu ni mita 6 kwa 2.6, kimo 3.4. Jumlisha kuta zote nne, zidisha kimo:

```
(6 + 2.6) x 2 = 17.2
17.2 x 3.4 = 58.48
```

Hiyo ni kama skwea mita 58 na nusu, ukuta mzima kana kwamba hauna tundu hata moja.

Hatua ya pili unatoa matundu. Mlango mmoja ni 1.1 kwa 2.1, yaani 2.31. Madirisha mawili, kila moja 1 kwa 1.4, yaani 1.4, yote mawili 2.8. Jumla 5.11, kwa hiyo kumebaki 53.37. Swichi, soketi na vitundu vya hewa achana navyo, havipunguzi kitu.

Hapa ndipo wengi huishia, na kwa nyumba ya matofali membamba ni sawa kabisa. Lakini mwenye nyumba akikwambia "fundi, madirisha si ushayatoa?" mwambie ndiyo nimeyatoa, ila sasa narudisha kiasi. Fremu ya dirisha imekaa kwa nje, na toka kwenye fremu mpaka uso wa ukuta wa ndani kuna kina cha sentimita 35 ambacho nacho kinapakwa rangi. Pima pande mbili za wima na ule wa juu (chini huku kumesakafiwa simiti, hatupaki):

```
1.4 x 0.35 x 2 = 0.98
1.0 x 0.35 = 0.35
jumla 1.33
```

Umeona? Dirisha umelitoa 1.4 na umelirudisha 1.33, karibu ngoma droo. Madirisha mawili ni 2.66, ukijumlisha na 53.37 unapata 56.03. Mlango wetu fremu yake iko sawa na uso wa ukuta kwa ndani kwa hiyo haurudishi chochote. Na kama chumba kina zidaka, yaani mashubaka ya ukutani, usizitoe kabisa, mgongo wake unapakwa na ubavu wake pia, hizo unaongeza tu.

Hatua ya tatu ni lita, na hapa msidanganyike na mkebe. Ukiandikwa lita moja inafunika skwea mita 10 au 12, ni kwa mkono mmoja na kwa ukuta laini. Plasta ya zamani yenye mikwaruzo inakunywa rangi. Mimi najaribu kwanza: nachora mraba wa mita 2 kwa 2, napaka nusu lita kwa rola, ikiisha pale pale basi lita moja ni skwea mita 8. Ikibaki, ukuta wako ni mzuri kuliko ulivyodhani. Ila kabla ya jaribio pitisha kiganja ukutani, kikitoka cheupe ni chokaa ya zamani, ikwangue na uisugue kwanza la sivyo rangi itabambuka nayo, na hapo hesabu yoyote haina maana.

Ukuta wetu ulitoa 8, na tunapaka mikono miwili:

```
56.03 x 2 / 8 = 14.01
```

Lita 14. Mikebe mitatu ya lita 4 na miwili ya lita 1 inatosha kwa kubana sana, lakini mkono wa kwanza hunywa zaidi kuliko wa pili na rola yenyewe hubaki na rangi, kwa hiyo mimi hununua minne ya lita 4, zinabaki kama lita 2 za kurekebisha baadaye. Kama ni rangi ya kuchanganywa dukani nunua yote siku moja, tena uchanganye mikebe yote kwenye ndoo moja kubwa kabla ya kuanza, manake mchanganyiko wa wiki ijayo unaweza kutofautiana kidogo na ukutani ikaonekana. Na kama unaagiza toka Malindi au Mombasa, kuongeza mkebe mmoja ni kungoja tena ifike Mokowe, ivuke kwa boti, alafu ipandishwe kwa punda huku fundi amekaa barazani.