SOMO: Barua ya mkuu wa shule kuomba ufadhili wa wanafunzi yatima, hatua kwa hatua

Wakuu, leo tuandike barua hii mwanzo mpaka mwisho. Nachukua mfano wa sekondari ya kata, ya kutwa, Tanzania bara, yenye yatima 12 wanaohitaji msaada. Bei ni za mfano tu, wewe weka za dukani kwenu.

Hatua ya 1: Jibu mapema "kwani elimu si bure?"
Mfadhili anajua ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne imefutwa tangu 2016, sasa ukimwandikia "tunaomba ada" anaiweka barua pembeni. Mwambie kinachomtoa mtoto shule kweli, na hicho kipo kwenye rejista ya mahudhurio, ifungue kabla hujashika kalamu. Aya ya kwanza iwe hivi:

"Ada imefutwa na Serikali, ila wanafunzi hawa wanalelewa na bibi au ndugu wasiomudu sare wala mchango wa chakula. Muhula uliopita 5 kati yao walikosa zaidi ya siku 20, na walezi tulipowaita walitaja njaa na viatu."

Hapo hujalia lia, umeonyesha tatizo. Na barua usiipeleke kimya kimya, ipite kwa afisa elimu sekondari na mkurugenzi wa halmashauri, maana mfadhili makini atawapigia kuuliza kama wanaijua.

Hatua ya 2: Nani atachaguliwa, na nani anachagua
Hapa ndo barua nyingi zinakufa, mtu anaandika "wanafunzi wenye uhitaji" basi. Taja wanaochagua: mwalimu wa malezi, mjumbe wa bodi ya shule, mtendaji wa kijiji na afisa ustawi wa jamii, na sema wazi kwamba mwenye ndugu yake kwenye orodha anatoka nje jina hilo likijadiliwa. Ushahidi ni cheti cha kifo cha RITA, ila walezi wengi hawana, kwa hiyo andika kwamba asipokuwa nacho barua ya mtendaji itakubalika, la sivyo utamwacha mtoto mwenye shida kuliko wote kwa sababu ya karatasi.

Maksi usiziweke kigezo cha kwanza jamani. Mtoto anayeshinda njaa hawezi kuwa wa kwanza darasani, ukianza na ufaulu utawapa wale wenye nafuu. Anza na hali ya nyumbani, halafu mahudhurio.

Hatua ya 3: Bajeti
Piga kwa mtoto mmoja kwanza, kwa mwaka:
- Sare pea 2: 50,000
- Viatu na soksi: 25,000
- Madaftari na kalamu: 30,000
- Chakula cha mchana, 600 kwa siku 194 za masomo: 116,400

Jumla 221,400, mara 12 inakuja 2,656,800. Wasichana wapo 7, taulo za kike 2,000 kwa mwezi kwa miezi 12 ni 168,000. Jumla kuu 2,824,800. Chini yake andika mnachotoa nyie, mfano kuni na mshahara wa mpishi. Usiweke "mengineyo", hilo neno linatia shaka bajeti nzima.

Hatua ya 4: Ahadi ya ripoti
Ahidi unachokiweza. Ripoti 2 kwa mwaka, kila muhula ukiisha, zenye mahudhurio, risiti na saini ya mlezi aliyepokea sare. Usiahidi kwamba wote watafaulu, hilo haliko mikononi mwako. Pesa iingie akaunti ya shule, kamwe isiingie simu ya mkuu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, mtoto ambaye baba yupo hai ila katoroka na mama ni mgonjwa, tumuweke?*
Huyo si yatima, ila shida yake ni ile ile. Kwenye YAH andika "yatima na wanaoishi katika mazingira magumu" tangu mwanzo. Ukimchomeka baadaye mfadhili ataona umebadilisha makubaliano.

*Mkuu, mfadhili wetu anataka majina na picha za watoto aposti. Tufanyeje?*
Kwenye barua tumia namba, Mwanafunzi 01, 02 hivyo. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata bila sheria, mtoto kutangazwa yatima mbele ya wenzake inauma. Mpe picha ya sare na viatu vikiwa stoo, orodha ya majina ataikagua ofisini akija.

*Akihama mmoja katikati ya mwaka, pesa yake inaenda wapi?*
Weka sentensi moja kwenye barua: "Nafasi ikiachwa wazi itachukuliwa na anayefuata kwenye orodha ya akiba, na mfadhili atajulishwa kwa maandishi ndani ya siku 14." Kwa hiyo siku ya kuchagua, panga mpaka wa 15, wale 3 wa mwisho ndo akiba.