Kabla hujachukua bikari kugawa pembe sehemu tatu: mambo ya kuzingatia

Mwezi uliopita fundi seremala mmoja wa Chang'ombe, hapa Dodoma, alinijia nyumbani na karatasi ya grafu iliyokunjwa mfukoni. Alikuwa amepewa kazi ya dirisha la upinde juu ya mlango. Pembe ya upinde ni nyuzi 120, na mwenye nyumba anataka vioo vitatu vinavyolingana, vyote vikianzia kwenye kitovu kama vipande vya chungwa. Fundi akaunganisha ncha mbili za upinde kwa mstari ulionyooka, akaugawa mstari ule mara tatu sawasawa, kisha akapiga mistari kutoka kwenye kitovu hadi kwenye alama zake. "Mwalimu," akaniambia, "cha katikati kimetoka mara mbili ya vya pembeni. Nimekosea kupima?"

Vipimo vyake vilikuwa sawa kabisa. Njia ndiyo iliyokuwa na kasoro, na kasoro hiyo nimeiona kwenye madaftari mengi. Ndiyo maana naandika haya kwa yeyote anayetaka kukaa chini na bikari akaitafuta "njia ya kugawa pembe yoyote mara tatu". Kuna vitu vichache vya kuviweka sawa kwanza.

Cha kwanza ni masharti, kwa sababu wengi wanaanza mchezo bila kujua sheria zake. Rula inayozungumzwa hapa haina namba wala alama. Kazi yake ni moja tu, kupiga mstari ulionyooka kupitia nukta mbili ulizo nazo tayari. Bikari inachora duara ambalo kitovu chake ni nukta uliyo nayo, na upana wake ni umbali kati ya nukta mbili ulizo nazo. Nukta mpya huzaliwa pale tu mistari au maduara yanapokatana, na hatua zako lazima ziwe na mwisho. Kipimapembe hakimo. Kusogeza rula kidogo kidogo mpaka "ikae" hakumo. Ukivunja mojawapo ya masharti haya unaweza kugawa pembe vizuri sana, ila utakuwa umejibu swali jingine.

Cha pili ni kujua vifaa hivyo viwili vinaweza kukupa urefu gani. Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo tusiharakishe.

Anza na urefu mmoja, uuite 1. Kuunganisha na kupunguza ni rahisi, unapima kwa bikari juu ya mstari. Kuzidisha na kugawanya kunafanyika kwa pembetatu mbili zinazofanana, zile za mistari sambamba tulizosoma sekondari. Kwa hiyo sehemu yoyote, iwe 7/5 au 22/9, unaipata. Kisha kuna kipeuo cha pili. Chora mstari wa sentimita 3, uunganishe na wa sentimita 1, upate 4. Tafuta katikati yake, chora nusu duara juu ya mstari wote, halafu simamisha mstari wima pale vipande viwili vinapokutana mpaka uguse duara. Urefu wake ni kipeuo cha pili cha 3, kama sentimita 1.73. Ukiweka urefu mwingine badala ya 3, unapata kipeuo chake vilevile. Unaweza hata kuchukua kipeuo cha jibu ulilokwisha kupata.

Je, kuna zaidi ya hapo? Hakuna, na sababu yake si ngumu. Mstari ukikata mstari, nukta inatoka kwenye milinganyo isiyo na mraba. Mstari ukikata duara, au duara likikata duara, unaishia kwenye mlinganyo wenye x² usiozidi hapo, na jawabu la mlinganyo wa namna hiyo ni vitendo vinne na kipeuo cha pili. Kwa hiyo kila urefu unaochoreka umejengwa kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na vipeuo vya pili, hata viwe vimejificha kimoja ndani ya kingine. Mwanahisabati Mjerumani Gauss, mwaka 1796 akiwa bado hajafikisha miaka 20, alionyesha kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa linachoreka, na siri yake ilikuwa hiyo hiyo: vipeuo vya pili vilivyopangwa ndani ya vingine. Lakini kipeuo cha tatu cha 2 hakimo humo. Pai nayo haimo, kama Lindemann alivyothibitisha mwaka 1882.

Cha tatu, geuza pembe iwe urefu. Pembe ya nyuzi 20 inachoreka ikiwa kosaini ya 20 inachoreka, maana kosaini ni upande wa pembetatu yenye pembe mraba ambayo upande wake mrefu ni 1. Basi chukua pembe ya nyuzi 60, ambayo kila mtoto wa sekondari anaichora kwa bikari kwa dakika moja. Theluthi yake ni 20. Kanuni ya pembe mara tatu inasema kosaini ya 3θ ni 4 mara kosaini ya θ kwa kipeo cha tatu, kutoa 3 mara kosaini ya θ. Kosaini ya 60 ni nusu. Ukichukua x kuwa 2 mara kosaini ya 20, inabaki hivi:

```
x³ - 3x - 1 = 0
```

Sasa swali limebadilika sura. Haliulizi tena kuhusu bikari, linauliza kama x hii inaweza kupatikana kwa vipeuo vya pili.

Tuseme inawezekana. Angalia kipeuo cha mwisho kilichohitajika, kiite √d. Basi x = a + b√d, ambapo a, b na d zimepatikana kwa vipeuo vichache zaidi, na b si sifuri. Ukiiweka x hiyo kwenye mlinganyo, utapata P + Q√d = 0, na P na Q hazina √d ndani yake. Kama Q si sifuri, basi √d = -P/Q, yaani kipeuo hicho hakikuhitajika tangu mwanzo. Kwa hiyo Q ni sifuri na P pia ni sifuri. Lakini hapo a - b√d nayo inakuwa jawabu la mlinganyo uleule. Mlinganyo huu una majawabu matatu, na kwa kuwa hauna x², jumla ya majawabu yake ni 0. Mawili yanajumlika kuwa 2a, hivyo la tatu ni -2a. Na hilo la tatu halina √d!

Umeona kilichotokea? Tulianza na jawabu lenye kipeuo, tukapata jingine lenye vipeuo pungufu. Rudia hoja ileile kwa jawabu hilo jipya, ushuke ngazi moja moja, mpaka ufike kwenye jawabu lisilo na kipeuo chochote, yaani namba ya sehemu p/q iliyokwisha kurahisishwa. Iweke kwenye mlinganyo, zidisha kwa q kwa kipeo cha tatu, na utaona kwamba q lazima igawanye p³, na p lazima igawanye q³. Kwa kuwa p na q hazina kigawanyo cha pamoja, kinachobaki ni 1 au -1 peke yake. Jaribu 1: 1 - 3 - 1 ni -3. Jaribu -1: -1 + 3 - 1 ni 1. Hakuna iliyotoa sifuri. Kwa hiyo mlinganyo huu hauna jawabu la sehemu, ngazi tuliyoshuka haina mahali pa kukanyaga, na nyuzi 20 hazichoreki. Mfaransa Pierre Wantzel ndiye aliyechapisha uthibitisho wa kwanza wa jambo hili, mwaka 1837, baada ya watu kulihangaikia kwa zaidi ya miaka elfu mbili.

Watu huniuliza, "Mbona nyuzi 90 nagawa?" Ni kweli, theluthi yake ni 30 na inachoreka. Nyuzi 45 nazo zinakubali. Kinachokataliwa ni njia moja inayofanya kazi kwa kila pembe, na pembe moja tu inayogoma inatosha kuiangusha njia hiyo. Katika pembe za nyuzi kamili, zinazochoreka ni zile zinazogawanyika kwa 3 tu. Umbo la pande tano linakupa 72, ukitoa 60 unabaki na 12, ukiigawa nusu mara mbili unapata 3. Lakini nyuzi 1 ikichoreka, 20 zingechoreka, na tumeshaona haiwezekani.

Cha nne ni namna ya kupima njia uliyoletewa. Usiipime kwa jicho. Njia ya fundi, ya kugawa mstari wa ncha mbili, kwa nyuzi 60 inatoa takriban 19.1, 21.8 na 19.1. Kwa duara la nusu kipenyo cha sentimita 10, kosa hilo la karibu nyuzi 0.9 ni kama milimita 1.6, na mtu mwenye haraka atasema ni penseli. Peleka njia hiyohiyo kwenye nyuzi 120 na inatoa 30, 60, 30 kamili. Pembe kubwa huzifichua njia mbovu. Lakini zipo pia njia nzuri za kukadiria: robo ya pembe, kisha ongeza robo ya robo, na kuendelea. Kwa nyuzi 60 unapata 15, 18.75, 19.69, 19.92. Hatua hiyo ya nne ina kosa la milimita 0.14 kwenye duara letu, jembamba kuliko mstari wa penseli. Mchoro hauwezi kukuonyesha kosa hilo, hesabu tu ndiyo inaweza. Kwa hiyo ukiletewa njia, omba hesabu ya kosaini yake, siyo mchoro mzuri.

Fundi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali lake halisi: dirisha alipeleke vipi?

Tukachukua ubao mwembamba, tukautia alama mbili zilizoachana sentimita 30, sawa na nusu kipenyo cha upinde. Tukarefusha upande mmoja wa pembe kupita kitovu, kwenda upande wa nyuma. Ubao ukapita kwenye ncha ya upande mwingine pale unapokutana na duara, tukauteleza mpaka alama moja ikakaa juu ya duara na ya pili juu ya ule mstari uliorefushwa. Pembe pale ilipo alama ya pili ni theluthi kamili. Njia hii huhusishwa na Arkimede, na uthibitisho wake ni pembetatu mbili zenye pande mbili sawa. Alama hiyo ya pili ilikaa kama sentimita 46 kutoka kwenye kitovu, na kipimapembe kikasoma nyuzi 40.

"Kumbe inawezekana," akasema.

"Inawezekana kwa ubao wenye alama, na huo uliotelezeshwa," nikamjibu. "Zile alama mbili ndizo zilizofanya kazi."

Akazifuta kwa kidole, akautazama ubao mtupu, kisha akazichora tena kwa penseli na kuondoka nao.