Somo: Kupima kitandani kama damu ya aliyeumwa na nyoka bado inaganda

Katika mashamba ya karafuu na mdalasini ya Amani, wilayani Muheza, yupo nyoka wa mitini aitwaye bumslangi, ambaye jeraha lake huweza kuwa dogo na lisivimbe sana, na hapo ndipo hatari ilipo. Sumu yake huamsha protini za kugandisha damu mwilini kote, hata fibrinojeni, ambayo ndiyo hufanya donge, ikatumika ikaisha. Damu inayobaki haiwezi tena kuganda.

Chukua mililita 2 za damu kutoka kwenye mshipa wa vena, uzitie katika kichupa cha kioo kipya, kisafi na kikavu. Plastiki haifai, wala kioo kilichooshwa kwa sabuni, kwa sababu ni uso wa kioo unaoanzisha kuganda, na bila huo damu nzima itaonekana mbovu. Kiache wima, katika joto la kawaida la chumba, bila kukigusa kwa dakika 20; kisha kiinamishe mara moja tu. Damu ikitiririka, haijaganda. Pima pamoja nayo damu ya mtu mzima wa afya katika kichupa cha aina ileile: nayo isipoganda, kosa ni la kichupa.

Tuchukue mfano wa mchuma karafuu aliyeumwa kidoleni saa nne asubuhi. Saa tano damu yake inaganda, naye anaomba kurudi nyumbani. Asiruhusiwe, kwani sumu hii hufanya kazi polepole. Saa kumi na moja jioni kipimo kinarudiwa na damu inatiririka, ilhali ya muuguzi imeganda. Fizi zinaanza kuvuja usiku. Tangu kipimo hicho cha pili asichomwe sindano ya msuli, asipewe aspirini wala diklofenaki, na rufaa ianze mara moja.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo daktari. Je, dawa ya sumu ya nyoka tuliyonayo kituoni itamfaa?*
Marahaba, dada. Ile inayotibu sumu za nyoka wengi, kama kifutu na swila, haimzuii bumslangi. Anayo dawa yake mahususi, inayotengenezwa Afrika Kusini, kwa hiyo hospitali ya rufaa iarifiwe mapema iitafute. Baada ya kumpa, rudia kipimo kila saa 6, muda ambao ini huhitaji kutengeneza fibrinojeni ya kutosha.

*Na yule mwembamba kama kijiti wa misitu ya Usambara?*
Sumu yake huharibu damu kwa namna inayofanana, lakini hana dawa mahususi. Mgonjwa hulazwa, hutulizwa, na huongezewa damu akivuja sana.

*Damu ikiganda mara ya kwanza, nimwangalie kwa muda gani?*
Angalau saa 24, kaka, ukirudia kipimo kila baada ya saa 6, na ukichungulia fizi, mkojo na tundu za sindano.