Somo: Bima ya elimu au hisa za muda mrefu? Piga hesabu hizi kabla hujasaini

Haya wazazi wenzangu, leo tumchukue mzazi mwenye mtoto mdogo, anaweza kutenga 1,000 kila mwezi kwa miaka 15 mpaka ada ya chuo ianze, na mezani kuna fomu ya bima ya elimu inasubiri saini yake. Nimeweka 1,000 ili hesabu iwe nyepesi, we zidisha kulingana na mfuko wako.

Hatua ya 1: Dai karatasi ya makadirio

Maneno ya mdomo ya wakala weka pembeni kwanza, omba karatasi inayoonyesha mwaka kwa mwaka unalipa nini na unapata nini. Humo ndani kuna kiasi kilichohakikishwa na kuna kiasi kinachotarajiwa, na hicho cha pili kinategemea bonasi ambazo kampuni itatangaza huko mbele kama mambo yake yakienda vizuri. Hivi viwili mara nyingi vinajumlishwa alafu unaonyeshwa namba moja kubwa, kwahiyo zungushia kalamu kile kilichohakikishwa tu maana ndo kinachokudhamini.

Hatua ya 2: Geuza ahadi iwe riba ya mwaka

Tuseme kilichohakikishwa ni 250,000. We umelipa 180,000, faida 70,000, wakala atakwambia hiyo ni karibu 39%, na kweli ndivyo ila ni 39% kwa miaka 15 nzima sio kwa mwaka. Kuipata riba ya mwaka fungua Excel au Google Sheets uandike hivi:

```
=RATE(180,-1000,0,250000)*12
```

180 ni idadi ya miezi. Jibu ni kama 4.2% kwa mwaka. Sasa hiyo ndo ya kulinganisha na hati fungani, akaunti ya akiba, na mfumuko wa bei. Kama bei zinapanda 5% kwa mwaka, hiyo 250,000 baada ya miaka 15 itanunua vitu ambavyo leo vinanunuliwa kwa kama 120,000 tu, na ada za shule kila mzazi anajua hazipandi polepole kuliko vitu vingine.

Hatua ya 3: Tafuta jedwali la kuvunja mkataba

Hapa naomba mtulie kabisa kwasababu ndipo watu wengi wanapoumia. Kila polisi, yani mkataba wa bima ya aina hii, huwa na jedwali linaloonyesha ukivunja mwaka fulani unarudishiwa shilingi ngapi. Polisi nyingi miaka ya mwanzo hurudishiwi chochote au unarudishiwa kidogo sana, sababu kamisheni ya wakala na gharama za kufungua mkataba zinakatwa mapema, na sehemu nyingine ya pesa imeshalipia bima yenyewe. Mfano umefika mwaka wa nne, umelipa 48,000, kazi imeyumba, unaenda kuvunja unaambiwa chako ni 40% ya ulicholipa. Unaondoka na 19,200, yani 28,800 imekwenda, na mtoto hana bima wala akiba.

Kwahiyo swali la kujiuliza sio kama unaweza kulipa mwezi huu, jiulize kama utaweza kulipa hata mwaka ambao mshahara umekatika. Kama huna akiba ya dharura ya angalau miezi sita usisaini kwanza, jenga hiyo. Na uliza pia kama ukikwama unaruhusiwa kuacha kulipa bila kuvunja, mkataba ukabaki na kiasi kilichopungua mpaka mwisho, maana mara nyingi hiyo ni nafuu kuliko kuvunja.

Hatua ya 4: Upande wa hisa, nao uupime kwa haki

1,000 hiyohiyo kwenye mfuko unaofuata soko zima la hisa, ukikua 8% kwa mwaka baada ya ada za mfuko, inafika kama 346,000. Lakini hiyo 8% ni makisio yangu, hakuna aliyekuhakikishia. Soko likianguka 40% mwaka wa mwisho unabaki na kama 208,000, chini ya ile bima. Na msikariri kwamba muda mrefu unaponya kila kitu, faharasa ya Nikkei ya Japani, yani kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za huko, ilifika kilele mwisho wa 1989 na haikukirudia mpaka 2024. Ndo maana nasema mfuko wenye kampuni za nchi nyingi, sio hisa mbili tatu za nyumbani.

Faida kubwa ya hisa ambayo watu hawaizungumzii ni kwamba hujafungwa. Ukikwama unaacha kuchangia miezi kadhaa, hakuna faini, kilichomo kinaendelea. Hasara yake ukikwama wakati bei ziko chini utauza kwa hasara, akiba ya dharura ndo inakuepusha na hilo.

Hatua ya 5: Nunua ulinzi peke yake

Kitu kizuri kweli kwenye bima ya elimu ni kwamba mzazi akifa, kwa polisi nyingi za aina hii michango inasamehewa na mtoto analipwa. Hisa hazina hiyo. Ila unaweza kukata bima ya maisha ya muda maalum, ile isiyo na akiba ndani, ambayo huwa rahisi sana kwa mzazi kijana mwenye afya. Tuseme inakula 100, inayobaki 900 inaenda kwenye mfuko, kwa 8% ileile ni kama 311,000 na mtoto analindwa.

Hatua ya 6: Anza kushuka mapema

Ikibaki miaka mitano, kila mwaka hamisha sehemu ya tano ya pesa kutoka kwenye hisa kwenda hati fungani fupi au akaunti ya muda. Ada ya mwaka wa kwanza isikae kwenye hisa kabisa.

MASWALI

Swali: Mwalimu mimi nimeshalipa miaka 6, nimesoma hapa roho imeniuma, nivunje nihamie hisa?

Jibu: Usivunje kabla ya hesabu, dada. Ulicholipa nyuma kisahau, angalia kuanzia leo. Tuseme ukivunja unapewa 50,000, imebaki miezi 108, na ahadi ni ileile 250,000. Andika:

```
=RATE(108,-1000,-50000,250000)*12
```

Inatoka kama 7.4% kwa mwaka, tena iliyohakikishwa. Yani polisi iliyokuwa dhaifu siku ya kwanza, kwako wewe sasa ni nzuri kwasababu gharama umeshazimeza. Kwa namba hizo ningebaki, pesa mpya ndo ningepeleka kwenye hisa.

Swali: Hisa niandike jina la mtoto?

Jibu: Nchi nyingi kilichoandikwa jina la mtoto ni mali yake, ukipata dharura huwezi kukichukua kirahisi na akifika utu uzima anaamua mwenyewe kama ni ada au pikipiki. Mimi naweka jina langu, mtoto nimemtaja kama mrithi na wosia upo.

Swali: Kaka mimi pesa nikiiona naitumia, kufungwa kwangu ni faida. Unasemaje?

Jibu: Hiyo ni sababu halali kabisa, sikupingi. Ila fungia kiasi ambacho hata mwaka mbaya utakilipa, labda 300 kati ya 1,000, nyingine weka agizo benki likate siku ileile mshahara unapoingia, na mfuko uwe wa kampuni nyingine tofauti na benki yako ili kutoa kuchukue siku kadhaa. Alafu ile polisi ya 300 idai jedwali lake la kuvunja kabla ya kusaini, wakikataa kukupa usisaini.