Hesabu mipinduko kwanza: pale ambapo kupanga kwa kuchomeka kunaishinda algoriti "ya kasi"

Kupanga kwa kuchomeka hufundishwa siku ya kwanza, na siku ya pili tunaambiwa tukusahau kwa sababu gharama yake hukua kwa mraba wa idadi ya vitu. Ni kweli, lakini hiyo ni hesabu ya data iliyovurugwa ovyo. Data ninayoipokea mimi mara nyingi ni kumbukumbu za matukio kutoka seva kadhaa. Kila tukio lina muda wake, na karibu yote yamefika kwa mpangilio, ila hapa na pale tukio moja limetangulia jirani yake. Kwa data ya namna hiyo, mbinu ya siku ya kwanza ndiyo inayomaliza kazi mapema, na tunaweza kuonyesha sababu kwa kuhesabu kitu kimoja tu.

Hatua ya 1: Andika msimbo, uuwekee kaunta

```python
def chomeka(a):
    misogezo = 0
    for i in range(1, len(a)):
        x = a[i]
        j = i
        while j > 0 and a[j-1] > x:
            a[j] = a[j-1]
            j -= 1
            misogezo += 1
        a[j] = x
    return misogezo
```

Tunashika kitu kimoja, `x`, kisha tunasogeza kulia kila kilicho kikubwa kuliko `x` hadi nafasi yake ipatikane. Kaunta ya `misogezo` haihitajiki katika kupanga. Nimeiweka kwa sababu ndiyo itakayotupa jibu.

Angalia alama `>` kwenye kitanzi cha ndani. Ukiandika `>=` safu bado itapangika vizuri, na majaribio yako yote ya namba zisizojirudia yatapita. Lakini vitu vilivyo sawa vitaanza kurukana, kwa hiyo matukio mawili ya muda uleule yatabadilishana zamu. Dalili ni rahisi kuiona: ipe safu ya vitu 1 000 vilivyo sawa vyote. Msimbo sahihi utarudisha 0. Wenye `>=` utarudisha 499 500.

Hatua ya 2: Jua mpinduko ni nini

Chukua vitu viwili vyovyote ndani ya safu, si lazima viwe jirani. Kama kilicho kushoto ni kikubwa kuliko kilicho kulia, jozi hiyo imepinduka, nami nitaiita mpinduko mmoja. Safu iliyopangika haina mpinduko hata mmoja. Safu ya vitu n iliyopangwa kinyumenyume imepinduka katika kila jozi, yaani n(n−1)/2. Ikivurugwa bila mpango wowote, kwa wastani nusu ya jozi zote huwa zimepinduka.

Tuchukue safu hii ya vitu 8:

```
2 1 3 5 4 7 8 6
```

Jozi zilizopinduka ni (2,1), (5,4), (7,6) na (8,6). Ni mipinduko 4. Sasa fuata msimbo kwa mkono. Namba 1 inaruka 2: msogezo mmoja. Namba 3 na 5 hazina pa kwenda. Namba 4 inaruka 5: msogezo mmoja. Namba 7 na 8 zinabaki zilipo. Namba 6 inaruka 8, kisha 7, halafu inakutana na 5 na kusimama: misogezo miwili. Jumla ni 4.

Haikutokea kwa bahati. Kila msogezo ni sawa na kubadilishana nafasi kwa majirani wawili, mkubwa akiwa kushoto. Majirani wakibadilishana, uhusiano wao na vitu vingine vyote haubadiliki: aliyekuwa kushoto kwao bado yuko kushoto kwao, na wa kulia vivyo hivyo. Jozi inayoguswa ni yao wawili tu, nayo ilikuwa imepinduka, sasa imenyooka. Kwa hiyo kila msogezo huondoa mpinduko mmoja, si pungufu wala zaidi, na kazi huisha pale mipinduko inapofika 0. Idadi ya misogezo ni idadi ya mipinduko, kwa safu yoyote ile.

Kulinganisha nako kunafuata hapohapo. Kila msogezo hutanguliwa na ulinganisho mmoja, na kila kitu kinachochomekwa hulipa ulinganisho mmoja zaidi wa kugundua kwamba kimefika, isipokuwa kikifika mwanzo kabisa wa safu. Tukiita mipinduko I, malinganisho hayazidi I + n − 1. Katika mfano wetu ni 4 + 7, toa 1 kwa sababu namba 1 iligonga ukuta wa mwanzo: malinganisho 10.

Hatua ya 3: Mlete mpinzani

Ipe safu hiyohiyo algoriti ya kupanga kwa kuunganisha, ile inayogawa safu nusu kwa nusu. Jozi nne za mwanzo zinagharimu malinganisho 4 na kutupatia [1 2] [3 5] [4 7] [6 8]. Kuunganisha mbili za kushoto kunagharimu 2, mbili za kulia 3, na muunganisho wa mwisho 5. Jumla 14, dhidi ya 10 zetu.

Tofauti ya 4 si ya kujivunia, lakini tazama inakotoka. Algoriti ya kuunganisha hairuki hatua yoyote hata data ikiwa imeshapangika: bado inagawa, bado inaunganisha, bado inanakili kila kitu katika kila ngazi. Mpangilio uliomo kwenye data unaisaidia kidogo tu, kwa sababu kipande kimoja kikiisha mapema, kilichobaki cha kipande kingine hunakiliwa bila kulinganishwa. Hali bora kabisa huipunguzia karibu nusu ya malinganisho, basi. Kuchomeka, kwa upande wake, hulipia vurugu iliyopo tu.

Hatua ya 4: Panda hadi ukubwa wa kazi halisi

Tuseme kuna matukio 100 000, na hakuna lililo mbali na nafasi yake sahihi kwa zaidi ya hatua 3. Mipinduko inaweza kufika mingapi?

Chukua jozi iliyopinduka, mkubwa akiwa kushoto. Ili mambo yanyooke, mkubwa lazima aishie kulia kwa mdogo. Lakini mkubwa anaweza kusonga hatua 3 tu kwenda kulia, na mdogo hatua 3 tu kwenda kushoto, nao wanaanza wakiwa wameachana kwa angalau hatua 1. Kwa hiyo mwishoni hawawezi kuachana kwa zaidi ya hatua 5. Maana yake kila kitu kina wadogo wasiozidi 5 waliopinduka nacho, na mipinduko yote haizidi 500 000. Hilo ni kadirio la ukarimu, hali halisi huwa chini yake.

Basi kuchomeka kutalinganisha mara zisizozidi 600 000. Kuunganisha, hata katika hali yake bora, kutahitaji malinganisho takriban 800 000, na juu yake ngazi 17 za kunakili safu nzima, yaani uandishi wa karibu vitu 1 700 000. Sisi tunaandika vitu visivyozidi 600 000, tena vyote kwa majirani walio karibu kwenye kumbukumbu ya kompyuta, jambo ambalo kache ya kichakataji inalipenda sana.

Vuruga safu hiyohiyo bila mpango, na wastani wa mipinduko unakuwa 2 499 975 000. Hapo usithubutu.

Kigezo changu, kwa hiyo, ni kugawa I kwa n: kila kitu kimepinduka na wangapi kwa wastani? Kwa vitu 100 000, kuchomeka kunashinda kwa malinganisho maadamu jibu liko chini ya takriban 7. Likiwa 1 au 2, si mashindano tena.

Hatua ya 5: Usidanganywe na macho

Hapa ndipo wengi hukosea. Chukua safu iliyopangika ya vitu 100 000, ubadilishe cha kwanza na cha mwisho. Inatisha kuitazama, kumbe ina mipinduko 199 997 tu, chini ya 2 kwa kila kitu. Kuchomeka kunaimudu bila jasho.

Sasa chukua safu iliyopangika, ikate katikati, uweke nusu ya pili mbele ya nusu ya kwanza. Ukiipitia kwa macho utaona inapanda vizuri, inashuka mara moja tu, kisha inapanda tena. "Karibu imepangika," utasema. Lakini kila mmoja wa nusu ya mbele amepinduka na kila mmoja wa nusu ya nyuma: 50 000 mara 50 000, mipinduko 2 500 000 000. Ni mbaya kidogo kuliko vurugu tupu! Safu hiyo mpe Timsort, algoriti iliyobuniwa na Tim Peters mwaka 2002 kwa ajili ya Python. Yenyewe hutafuta vipande vinavyopanda na kuviunganisha, kwa hiyo hapo inaona vipande viwili tu. Ni kipimo kingine cha mpangilio, si mipinduko.

Kwa sababu hiyohiyo, ukitaka kupima, usishindanishe `chomeka` ya hapo juu na `sorted()`. Ile imeandikwa kwa C na inatumia Timsort, ilhali yetu inapita kwenye mkalimani wa Python mstari kwa mstari. Andika zote mbili kwa lugha moja, au hesabu malinganisho badala ya sekunde.

Hatua ya 6: Iwekee bajeti

Swali linalobaki: utajuaje mipinduko ni mingapi kabla ya kupanga? Kuihesabu kwa kuunganisha kunagharimu sawa na kupanga kwenyewe, kwa hiyo hakuna faida. Dawa ni kuanza kuchomeka na kukata tamaa mapema. Badili mstari wa kwanza wa `chomeka` uwe `def jaribu(a, bajeti):`, kisha ongeza mistari miwili baada ya `a[j] = x`:

```python
        a[j] = x
        if misogezo > bajeti:
            return False
```

Mwisho wa fanksheni rudisha `True`, na unapoiita:

```python
if not jaribu(a, 5 * len(a)):
    a.sort()
```

Jaribio likishindwa umepoteza kazi inayolingana na bajeti tu, pamoja na uchomekaji mmoja wa mwisho, na mipinduko uliyoondoa hairudi.

Hakikisha ukaguzi wa bajeti uko nje ya `while`, baada ya `x` kurudishwa. Mara ya kwanza niliuweka ndani nikidhani naokoa muda. Bajeti ilipoisha katikati ya kusogeza, `x` ilikuwa bado mkononi na haijawekwa popote, kwa hiyo tukio moja lilitoweka na jirani yake akatokea mara mbili. Urefu wa safu ulibaki sahihi na safu ilipangika barabara, ndiyo maana nilichelewa kugundua. Tangu hapo jaribio langu halikagui mpangilio peke yake, linalinganisha pia `Counter(a)` ya moduli ya `collections`, yaani kila kitu kimo mara ngapi, kabla na baada.